Nilihepa: Sheng Inapohamia Kiswahili cha Watu Wote

Vijana wawili wamekutana kwenye stendi ya matatu upande wa Eastlands, Nairobi. Deno ni makanga na gari lake linakaribia kujaa. Kevo hana kazi siku hiyo. Mazungumzo yao nimeyatunga mwenyewe ili tuwe na kitu kimoja cha kukitazama kwa karibu, lakini maneno yaliyomo ni ya kawaida katika mitaa ya jiji hilo.

Kevo: Niaje Deno, rada?

Deno: Poa tu, buda. Ulihepea wapi jana? Mbogi ilikuwa beisi ikikungoja.

Kevo: Wacha tu. Nilikuwa nimesota mbaya, sikuwa hata na finje ya mat.

Deno: Si ungenichapia? Ningekuokolea na rwabe hivi.

Kevo: Ndio hivyo. Halafu yule msee wa simu amenichomea kwa mathe. Ameenda kumwambia eti nilisanya doo zake.

Deno: Weeh! Huyo hubonganga ovyo. Ukasema aje?

Kevo: Niliingiza baridi, si uongo. Lakini mathe alimkaushia tu.

Deno: Mathe wako ni noma. Huyo fala nikimpata nitamuua.

Kevo: Achana na yeye. Kuna rieng nimeangukia, tubonge jioni.

Deno: Fiti. Wacha nihepe kwanza, dere ananiita.

Kijana wa Kayole atayasoma haya bila kusimama popote. Mwalimu mstaafu wa Lamu au mama wa dukani Tabora atasimama karibu kila mstari. Na wako watu ambao kazi yao ni kuwafikishia hao wawili walichosema Kevo na Deno: mwandishi wa habari anayenukuu vijana wa mtaani, mtafiti aliyerekodi mahojiano, mkalimani wa mahakama, mtu anayeandika maneno yanayopita chini ya filamu. Wote huambiwa waandike kwa Kiswahili cha kawaida. Ukiyasoma wanayoyaandika utakuta makosa ya namna mbili. Ama maana imepotea, ama vijana wamegeuka wazee wa baraza.

Nianze na maana. Mtu asiyeijua Sheng hudhani kwamba kinachomsumbua ni maneno mageni: mbogi, rwabe, rieng. Hayo hayana hatari kubwa, kwa sababu usipolijua neno unajua kwamba hulijui, na utauliza. Mbogi ni kundi la marafiki. Rieng ni mpango. Finje ni shilingi hamsini, soo ni mia, rwabe ni mia mbili, thao ni elfu. Ukishaambiwa, umemaliza. Hatari iko kwenye maneno unayodhani unayajua.

Sheng ilikulia mitaa ya mashariki ya Nairobi, na ingawa imechukua maneno kutoka Kiingereza, Kikuyu, Kijaluo na lugha nyingine, mifupa yake ni ya Kiswahili. Mohamed Abdulaziz na Ken Osinde walilieleza jambo hili katika makala yao ya mwaka 1997. Chege Githiora, katika kitabu chake cha mwaka 2018 kuhusu Sheng, anaichukulia kuwa ni Kiswahili cha Kenya kinachozungumzwa mitaani, si lugha iliyojitenga kando. Kwa mfasiri, jambo hilo lina matokeo ya moja kwa moja. Sheng imelichukua neno la Kiswahili likiwa na sura yake ileile, na ndani imeweka maana nyingine.

Mtazame Kevo. Anasema jamaa amemsingizia kwamba “alisanya” pesa. Kwa Kiswahili cha shuleni, kukusanya pesa ni kuzichanga au kuziweka pamoja, na ni kazi ya mweka hazina. Katika Sheng, kusanya ni kuiba, na aliyesanywa simu ameibiwa simu. Mfasiri anayeandika “aliniambia nilikusanya pesa zake” amefuta shutuma nzima, na msomaji hataelewa kwa nini Kevo aliogopa. Vivyo hivyo “kusota”. Kamusi itakwambia ni kujikokota kwa makalio, na Mtanzania atafikiria mtu aliyetaabika kwa muda mrefu. Kevo anasema tu kwamba hakuwa na pesa. “Kuangukia” si kuanguka juu ya kitu, ni kupata jambo kwa bahati. “Kuingiza baridi” ni kuogopa, na hakuhusiani na hali ya hewa. “Kuchapia” ni kuambia. “Kukaushia” ni kumpuuza mtu, kumfanya kama hayupo.

Unawezaje kugundua kwamba neno unalolijua limekudanganya? Dalili ni mbili, na zote hutoka kwenye mazungumzo yenyewe. Ya kwanza ni jibu la msikilizaji. Kevo anaposema “nilisanya doo zake”, Deno anashtuka: weeh! Hakuna anayeshtuka kwa habari ya mchango. Jibu likiwa na joto lisilolingana na maana uliyoiweka, irudie maana yako kabla ya kurudia kitu kingine. Dalili ya pili ni sarufi. “Alikusanya” imepoteza “ku” ikawa “alisanya”. “Kuangukia” haikufuatwa na mahali pa kuangukia. Neno linapokaa katika sentensi kwa namna ambayo Kiswahili chako hakikubali, mara nyingi si kwamba msemaji amekosea. Ni neno jingine.

Sasa tuje kwenye kosa la pili, la ukakamavu. Hivi ndivyo mfasiri mwenye bidii, anayejua maana zote hizo, anavyoweza kuandika:

Kevo: Hujambo Deno, habari gani?

Deno: Sijambo, ndugu yangu mpendwa. Je, ulielekea wapi jana? Kundi letu la marafiki lilikuwa katika mahali petu pa kukutania likikusubiri.

Kevo: Usiulize. Nilikuwa katika hali mbaya sana ya ukosefu wa fedha, kiasi kwamba sikuwa hata na shilingi hamsini za nauli ya matatu. Isitoshe, yule kijana anayejishughulisha na biashara ya simu amenivunjia heshima mbele ya mama yangu mzazi.

Hakuna neno la Sheng lililobaki, na karibu kila sentensi ina maana inayokaribiana na ile ya kwanza. Lakini hawa si vijana wawili wenye haraka kwenye stendi. Wanazungumza kama watu wanaotoa ushahidi mbele ya tume. Ukakamavu huo hausababishwi na usanifu wa lugha. Kiswahili sanifu kinaweza kuwa chepesi mno. Unasababishwa na tabia moja: mfasiri ameweka ufafanuzi mahali pa neno. Badala ya kutafuta watu wanavyosema, ameandika fasili ya kamusi. Beisi kwa kweli ni mahali pa kukutania, lakini hakuna mtu aliyewahi kumwambia rafiki yake “nipo katika mahali petu pa kukutania”. Watu wanaojuana husema “pale tunapokaa”, na mwenzao anajua ni wapi.

Kuna kosa jingine humo, zito kuliko ukakamavu. Kevo alisema “yule msee wa simu”. Huyo jamaa ni muuza simu, fundi wa simu, au mtu aliyewahi kuibiwa simu? Hatujui. Deno anajua, kwa hiyo Kevo hakuwa na sababu ya kueleza. Mfasiri aliyeandika “anayejishughulisha na biashara ya simu” ametuletea habari ambayo haikusemwa. Mtafiti anayeandika ripoti anaweza kuipokea kama ukweli, na polisi wanaweza kuanza kumtafuta muuza simu. “Yule jamaa wa simu” inatosha. Pale msemaji alipoacha pengo, mfasiri mwaminifu analiacha pengo lilelile, la ukubwa uleule.

Nitayaweka sasa mazungumzo yote kwa namna ambayo mimi ningeyaandikia gazeti linalosomwa pande zote za Afrika Mashariki, kisha nieleze maamuzi machache.

Kevo: Vipi Deno, mambo yakoje?

Deno: Mazuri tu, bwana. Jana ulipotelea wapi? Wenzetu walikuwa pale tunapokaa, wanakungoja.

Kevo: We acha tu. Sikuwa na kitu kabisa, hata nauli ya hamsini sikuwa nayo.

Deno: Si ungeniambia? Ningekusaidia na mia mbili hivi.

Kevo: Ndiyo hivyo. Halafu yule jamaa wa simu amenichongea kwa mama. Kaenda kumwambia eti nimemwibia pesa zake.

Deno: Loo! Huyo kawaida yake ni kuropoka. Ukasemaje?

Kevo: Niliogopa, sikufichi. Lakini mama hata hakumjali.

Deno: Mama yako ni kiboko. Huyo mjinga nikimpata nitamuua.

Kevo: Achana naye. Kuna mpango nimeupata kwa bahati, tuzungumze jioni.

Deno: Sawa. Ngoja niende kwanza, dereva ananiita.

Urefu wake haukuzidi sana ule wa Sheng, na hilo halikutokea kwa bahati. Vijana huongea kwa vipande vifupi na hupokezana haraka. Sentensi ikirefuka mara mbili, mwendo wa urafiki unakatika hata kama kila neno ni sahihi. Anayeandikia filamu hana hata hiari katika jambo hili: ana mistari miwili, kila mmoja una nafasi ya herufi zipatazo arobaini, na sekunde chache kabla ya maneno kutoweka. “Amenichongea kwa mama” itamtosha. Ile ya “amenivunjia heshima mbele ya mama yangu mzazi” itamlazimisha kukata kitu kingine.

Neno “chongea” linastahili maelezo zaidi, kwa sababu hapo ndipo kazi hii inapokuwa tamu. “Kuchoma” katika Sheng kuna upana mkubwa. Aliyechoma amejiaibisha au ameharibu mambo, na aliyechomewa ameharibiwa na mtu mwingine. Mfasiri akitafuta neno moja la kawaida litakaloufunika upana wote huo hatalipata, na ndipo hujiokoa kwa maneno mapana kama “kuvunjiana heshima”. Lakini hapa hatuhitaji upana wote. Tunajua kilichotokea: mtu ameenda kwa mama wa mwenzake na kupeleka maneno ili mwenzake akasirikiwe. Kitendo hicho hasa kina jina la siku nyingi katika Kiswahili, kuchongea, na bado linatumika Pwani na Tanzania. Kwa hiyo usilitafsiri neno, tazama kwanza kitendo kilichofanyika ndani ya mazungumzo, kisha uulize Kiswahili cha kawaida kinakiitaje. Mara nyingi utakuta jina lake lipo tayari, tena ni la kawaida kiasi kwamba hukuwa umelifikiria. Kama Kevo angesema “leo nilichoma mbele ya wasee”, kitendo ni kingine, na ningeandika “leo nilijiaibisha mbele ya wenzangu”.

“Buda” ni baba, na ndivyo lilivyo hata ndani ya Sheng. Lakini Deno hamwiti Kevo baba. Anamwita mwenzake kwa upole unaochangamka kidogo. “Ndugu yangu mpendwa” inafaa hotuba ya harusi. Kiswahili cha kawaida kina “bwana”, ambayo nayo kwa asili ni ya kumtukuza mtu, lakini wanaume wa rika moja huitana hivyo kila siku bila kutukuzana. Imepita njia ileile aliyopita buda, kutoka juu hadi kwa mwenzako. Kama wazungumzaji wangekuwa wasichana wawili, “bwana” isingefaa kila mahali, na mara nyingi ningeliacha jina peke yake lifanye kazi: “Nzuri tu, Shiro.”

Kwa “mathe” sikuhangaika. Wengine huliona neno hilo kuwa la utovu wa adabu, na hulipeleka kwenye upande mwingine kwa kuandika “mama yangu mzazi” ili kumrudishia mama heshima yake. Kevo hakumvunjia mama heshima. Kwa vijana hao mathe ni mama tu. “Noma” ndilo lililohitaji uamuzi, kwa kuwa linaweza kuwa sifa au balaa. “Kuna noma” ni kuna matatizo. “Msee ni noma” inaweza kuwa mtu hatari au mtu hodari. Kinachoamua ni mstari uliotangulia: mama amekataa kuyumbishwa na maneno ya mchongezi, na Deno anafurahi. Basi ni sifa, na “kiboko” inaibeba ikiwa na mshangao wake.

Pesa nazo zina mtego ambao Mkenya hauoni. Finje ni shilingi hamsini za Kenya. Ukimwandikia Mtanzania “sikuwa hata na shilingi hamsini”, atafikiria hamsini ya kwao, ambayo hainunui kitu, na atashangaa kwa nini mtu aitaje. Kuibadilisha iwe shilingi za Tanzania ni kuihamisha stendi kutoka Nairobi. Nilichofanya ni kuitanguliza nauli, “nauli ya hamsini”, na msomaji wa popote anajua mara moja ni pesa ya aina gani.

Kisha kuna “hubonganga”. Kubonga ni kuzungumza, lakini kinachoweza kumponyoka mfasiri ni ile “nga” ya mwisho. Wasemaji wengi wa Nairobi huitumia kuonyesha mazoea, na hapa imeungana na “hu” ili kukazia. Deno hasemi kwamba jamaa ameropoka leo. Anasema ndivyo alivyo siku zote, na kwa hiyo anamtetea Kevo: usishtuke, ndiyo kazi yake. Ukiandika “ameongea ovyo”, utetezi huo umekwenda. Katika mahojiano ya polisi au ya utafiti kipande hiki kidogo kinaweza kubeba jambo zito, maana “nachukuanga mzigo hapo” si sawa na “nilichukua mzigo hapo”. Ya kwanza inaeleza desturi. Ya pili inataja siku moja.

Nimebakiza “nitamuua”. Nimeona wahariri wakilainisha maneno ya namna hii, wakaandika “atanitambua” au “nitamwonyesha”, wakisema kijana hakukusudia kuua. Huenda ni kweli. Lakini “nitamuua” si Sheng. Ni Kiswahili cha kila mtu, na kila mtu anajua kwamba marafiki wanaokasirika hulisema bila kushika kisu. Msomaji ana uwezo wa kuupima uzito wake mwenyewe, kwa sababu Kevo anajibu kwa utulivu, “achana naye”, na mazungumzo yanaendelea. Mfasiri anayelilainisha ameamua kesi badala ya msomaji. Anayeligeuza kuwa “nitamtoa roho” ameiamua pia, upande wa pili. Neno ambalo tayari ni la kawaida halihitaji mkono wa mfasiri.

Na hapo ndipo tunapofika mahakamani, kwa kuwa huko uzito wa neno moja unaweza kumgharimu mtu miaka. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 50, inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi haki ya kupata mkalimani bila malipo. Kijana wa Sheng kwa kawaida hafikiriwi kuwa ni mtu wa namna hiyo. Anahesabiwa kuwa anazungumza Kiswahili, basi anasikilizwa kwa Kiswahili. Tuchukue neno ambalo Deno amelitumia mara mbili. “Ulihepea wapi jana?” ina lawama ndogo ndani yake, maana wenzake walingoja, kwa hiyo niliandika “ulipotelea wapi”. “Wacha nihepe kwanza” haina lawama wala siri. Mtu anaaga. Niliandika “ngoja niende”. Lakini kwa Kiswahili cha kawaida kuhepa ni kukwepa, kuchepuka ili usikutane na jambo. Sasa kijana anaulizwa alifanya nini baada ya vurugu kutokea, anajibu: “Nikahepa.” Karani akiandika “nikatoroka”, imeingia kwenye kumbukumbu kwamba mtu alikimbia baada ya tukio, na kukimbia huweza kutazamwa kama dalili ya hatia. Kumbe huenda alisema tu, “nikaondoka”.

Sheng yenyewe inazibeba maana zote mbili, kwa hiyo hapa jibu halimo katika neno. Mkalimani hana ruhusa ya kuchagua kwa kukisia. Anachopaswa kufanya ni kuiomba mahakama ruhusa ya kuuliza, kisha amuulize mshtakiwa swali lisilomwelekeza: “Ulipohepa, ulifanyaje?” Mtu aliyekimbia atataja mbio, uchochoro, ukuta. Aliyeondoka atasema alipanda gari akaenda kwao. Na neno lenyewe liandikwe lilivyo, kisha maelezo yafuate. Sheria ya Kenya inayoongoza mwenendo wa kesi za jinai, kifungu cha 207, inataka maneno ya mshtakiwa anayekubali kosa yaandikwe karibu iwezekanavyo na alivyoyatamka. Mwaka 1973, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilizieleza hatua za kufuata: shtaka lielezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, na jibu lake liandikwe kwa maneno yake. Kanuni hiyo ilitungwa kwa ajili ya watu wa lugha mbalimbali, na inamhusu kijana wa Dandora vilevile. Ukiandika “nikatoroka” peke yake, jaji wa rufani hatakuwa na njia ya kujua kwamba mwanzo kulikuwa na neno jingine.

Gazeti halihitaji kufika huko. Hata hivyo tabia ya kuuliza inafaa kila mahali, na anayeulizwa lazima awe wa mtaa uleule na rika lilelile. Sheng ya Umoja si ile ya Mathare neno kwa neno, na aliyemaliza shule miaka kumi na tano iliyopita ana msamiati wake. Kuna maneno yanayopatikana kwa kugeuza silabi, kama “risto” iliyotoka kwenye “stori”. Mzazi anayedai anaijua Sheng mara nyingi anaijua ya ujana wake.

Baada ya kuandika, ninaamini katika majaribio mawili kuliko mengine. Soma tafsiri kwa sauti, kwa kasi ya watu wawili wanaopokezana. Ulimi ukikwama, hapo pana fasili ya kamusi. Kisha mpe mtu asiyejua Sheng hata kidogo, umuulize: nani amekasirika na nani, nani alikuwa tayari kumsaidia mwenzake, mama yuko upande gani? Mwulize maswali hayohayo mtoto wa mtaani aliyesikiliza ya awali. Majibu yakipishana, irudie sehemu iliyopishana tu. Usiguse nyingine, maana mara nyingi mfasiri aliyeshtuka huanza kuongeza maneno ya kuelezea kila mahali, na ukakamavu unarudi.

Lipo jambo moja ambalo tafsiri nzuri kama hii haiwezi kulibeba peke yake. Tuseme Kevo na Deno wanazungumza nyumbani, Kevo anamwomba mama yake chai kwa Kiswahili cha adabu, kisha anamgeukia Deno kwa sauti ileile: “Zima hiyo risto, mathe anacheki.” Maana yake ni nyepesi: “Acha hayo maneno, mama anaangalia.” Lakini Kevo amebadili lugha ili mama asielewe, na kubadili huko ni sehemu ya alichokifanya. Ukiyaandika yote mawili kwa Kiswahili kilekile, msomaji ataona kijana anamnyamazisha mwenzake mbele ya mama anayesikia kila kitu, na ataona ujeuri mahali ambapo palikuwa na woga. Usijaribu kuitengeneza siri hiyo kwa kubuni misimu mingine au kwa kuandika kwa mafumbo. Weka maelezo mafupi kwenye mabano ya mraba kabla ya sentensi, “[anageukia Sheng]”, halafu endelea. Katika filamu mtazamaji atauona uso wa mama na hutahitaji mabano. Katika hadithi ya gazeti sentensi moja ya msimulizi inatosha: akabadili lugha, mama asisikie.